Kujua kuogelea na kujua kwamba mtu huelea

Nilikuwa na miaka 36 nilipomeza maji ya Shela kwa hiari yangu. Maji yalikuwa ya kifuani, bahari imetulia kama maji ya beseni, na ami yangu amesimama ubavuni mwangu, kiganja chake kimenishika chini ya mgongo. "Lala, mwanangu." Nikalala. "Sasa naondoa mkono." Akauondoa. Nikazama matako kwanza, kifua kikafuata, kisha pua. Nilipoinuka nikikohoa na chumvi imenipanda hadi machoni, watoto wawili waliokuwa wakirukaruka kutoka kwenye mashua walikuwa wamenyamaza kabisa. Kwao mtu mzima asiyejua kuogelea ni kioja kuliko punda anayesoma gazeti.

Mimi ni mtoto wa Mkomani, Lamu. Nimezaliwa mahali ambapo ukitupa kokwa ya embe kwa nguvu itaangukia baharini. Lakini kabla sijazaliwa, kaka mkubwa wa baba alitoka kwenda kuvua na hakurudi, na bibi akapiga marufuku. Kila tukiuliza alijibu kwa methali ileile: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tukakua tunaoga kwa kata, bahari tunaitazama kutoka darini.

Hiyo ni aibu ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike: kazi yangu ni kufundisha fizikia, na kila mwaka nawafundisha wanafunzi wa kidato cha nne mada ya kuelea na kuzama. Naitungia maswali, naisahihisha, na anayekosea namkata alama. Ami alijua hilo. Nilipomaliza kukohoa akaniuliza taratibu, bila kucheka, "Mwalimu, wewe si ndiye unayewafundisha wenzio mambo haya?"

Nianze na nilichokuwa nakijua siku ile, maana hakikuwa kidogo.

Nina kilo 70. Tuseme nikitoa pumzi yote ninayoweza kuitoa, mwili wangu unachukua nafasi ya lita 68. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Kwa hiyo nikizama wote, maji ninayoyasukuma pembeni yana kilo 69.7, na hicho ndicho kiasi ambacho bahari inaweza kunibeba. Nimeizidi kwa gramu 300. Nitazama, polepole, lakini nitazama. Sasa nikivuta lita 4 za hewa, uzito wangu haubadiliki ila nafasi yangu inakuwa lita 72, na bahari inaweza kubeba kilo 73.8. Safari hii bahari ndiyo imenizidi, kwa kilo 3.8. Maana yake ni kwamba lita tatu na nusu hivi za mwili wangu, au zaidi kidogo, zinaweza kukaa juu ya maji bila mimi kufanya chochote. Katika bwawa la maji matamu, mwili uleule na pumzi ileile, zingebaki lita 2 tu.

Lita tatu na nusu si nyingi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano, na nafasi yake ni lita nne au zaidi. Kwa hiyo hata nikijaza kifua siwezi kutoa kichwa chote nje. Naweza kutoa uso, mdomo na pua, basi. Mkono mmoja kuanzia begani unakula karibu lita tatu. Mtu aliyeinua mkono kuomba msaada na kichwa kikiwa juu ametumia mara mbili ya alichonacho, na bahari itajilipa kwa kumshusha mpaka hesabu ilingane. Akipiga kelele anatoa hewa, na zile lita nne zinapungua. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, na kwa kawaida tunaisema kama masimango. Ukiifuata hii hesabu utaona kwamba kutapatapa kwenyewe ndiko kunakomuua: kila anachokiinua juu kinamzamisha chini.

Haya yote nilikuwa nayajua nikiwa nimelala juu ya kiganja cha ami, na sikuwa nayajua kwa kukariri tu. Nilijua hata kwa nini miguu yangu ingetangulia: hewa imo kifuani, kwa hiyo maji yananisukuma juu hasa pale, ilhali uzito wangu una kitovu chake chini zaidi, karibu na nyonga. Juu panainuliwa, chini panashuka, na mwili unageuka kama mizani iliyotiwa jiwe upande mmoja. Nilijua pia dawa yake, kwamba ukinyoosha mikono nyuma ya kichwa na kukilaza kichwa, vile vitovu viwili vinakaribiana na miguu inapanda.

Nilijua, nikazama.

Jibu la haraka ni kusema kwamba kuna jambo moja lilikuwa limenipita. Nilikuwa na mambo kumi, kuogelea kunahitaji kumi na mbili, niongezewe mawili. Nilijaribu njia hiyo kwa siku nne, nikimuuliza ami maswali kila tulipopumzika mchangani. Anavuta pumzi lini? Shingo anaikaza au anailegeza? Akilala chali, miguu anaifanya nini? Majibu yake yalinifunza jambo ambalo sikuwa nimelitarajia: ami hajui.

Anaogelea tangu kabla hajaanza chuo, aliwahi kuvuka kutoka Shela hadi ng'ambo ya Manda kwa mchezo tu, lakini maelezo yake juu ya kuogelea mengi si kweli. Aliniambia kwamba akilala chali ni miguu ndiyo inayombeba. Nikamwomba alale nimtazame. Miguu ilikuwa imetulia kabisa, vidole tu vimechungulia. Nikamuuliza anavyopumua, akasema, "Kama kawaida, kama nnavyopumua hapa." Nikakaa kumhesabia. Hakuwa akipumua kama kawaida hata kidogo. Alikuwa akivuta hewa nyingi, anaishika kifuani kitambo, kisha anatoa kidogo na kuvuta tena haraka, kama mtu anayebadilisha noti bila kutaka mkono ubaki mtupu. Kifua chake hakikuwahi kuisha hewa. Gramu zangu 300 yeye hajawahi kuzikuta maishani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kuna mtu aliyeliona jambo hili hili na kuliandika. Michael Polanyi, Mhungari aliyekuwa mwanakemia kabla ya kugeukia falsafa, aliandika katika kitabu chake cha 1958 kwamba mwogeleaji haelei ila kwa jinsi anavyoitawala pumzi, hatoi hewa yote na huvuta zaidi ya kawaida, na kwamba waogeleaji kwa jumla hawalijui hilo. Polanyi alilitaja kwa sentensi chache na kuendelea na habari ya baiskeli. Mimi nililiona kwa macho yangu kwenye kifua cha mzee mwenye mvi, na nilisimama pale kitambo maji yakinipiga kiunoni. Hapa yuko mmoja mwenye ukweli wote, anazama. Hapa yuko mwingine mwenye maelezo ya uongo, amelala juu ya bahari kama yuko kitandani.

Mwanafalsafa aliyeupa mgawanyo huu jina lake la kisasa ni Gilbert Ryle wa Oxford. Mwaka 1945 alitoa hotuba London akiwa rais wa Chama cha Aristoteli, na mwaka 1949 akaipanua ndani ya kitabu. Alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua kufanya jambo fulani, na akakataa kwamba la pili ni la kwanza lililojificha. Hoja yake kuu ni nyepesi kuieleza. Tuseme kila kitendo cha ustadi ni lazima kitanguliwe na kuwazia kanuni: kabla sijaogelea vizuri, niiwazie kanuni ya kuogelea. Lakini kuwazia kanuni nako ni kitendo, na kinaweza kufanywa kwa busara au kipumbavu. Naweza kuiwazia kanuni isiyofaa, au inayofaa kwa wakati usiofaa. Basi na kuwazia nako kunahitaji kanuni yake ya kutangulia, na hiyo nayo yake. Hutaingia majini mpaka Kiyama.

Ndivyo ilivyonitokea majini. Kanuni yangu ilikuwa: kifua kisiishe hewa. Vizuri. Lakini ni lini nitoe hewa ya zamani? Nikatunga kanuni: toa uso unapokuwa juu. Sasa nitajuaje kwamba uso uko juu, na si kwamba kiwimbi kinakuja? Kanuni nyingine: sikilizia maji yalipo kwenye mashavu. Nikawa nimelala nasikilizia mashavu, na kwa kuwa nasikilizia mashavu, shingo imekakamaa, na kwa kuwa shingo imekakamaa, kichwa kimepanda, lita tatu na nusu zimekwisha, nazama huku nikitunga kanuni ya tano. Ami alikuwa anauona uso wangu. Akasema, "Wewe unasoma. Wacha kusoma."

Nilidhani Ryle ameshinda. Lakini hoja yake ina tundu, na walioliona si wajinga. Mwaka 1975 mwanafalsafa Carl Ginet alitoa mfano wa mlango. Nautia hapa wa kwetu: unarudi nyumbani usiku, unashika komeo, unalisukuma, unaingia. Unajua kwamba mlango hufunguka ukisukuma komeo. Huo ni ukweli, unaweza kuusema. Lakini hukusimama kizingitini ukauwazia. Ulitumia ulichokijua bila kukisoma. Kwa hiyo si kweli kwamba ukweli ni lazima uwaziwe kwanza ndipo utumike, na mnyororo wa Ryle unakatikia pale pale kwenye pete ya kwanza. Kosa langu huenda halikuwa kwamba nilikuwa na ukweli badala ya ustadi. Huenda lilikuwa kwamba niliusoma ukweli badala ya kuutumia.

Kwenye tundu hilo ndipo walipopitia wanafalsafa Jason Stanley na Timothy Williamson mwaka 2001. (Ni mwaka uleule mji wetu wa kale ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sidhani kama barazani kuna aliyekuwa na habari ya wanafalsafa.) Walisema kujua kufanya ni aina ya kujua kwamba, na walianzia kwenye sarufi ya Kiingereza. Kwa Kiingereza huwezi kusema "najua kuogelea" hivi hivi. Unalazimika kutia neno la kuuliza, neno la "vipi" au "jinsi gani", na sentensi yako inakuwa ndugu wa sentensi kama "najua wapi pa kununua samaki" na "najua nani wa kumwona." Na hizi ndugu zake zote ni habari za ukweli. Kujua wapi pa kununua samaki ni kujua, juu ya mahali fulani, kwamba pale samaki hupatikana. Basi kujua jinsi ya kuogelea ni kujua, juu ya njia fulani, kwamba hii ni njia ambayo kwayo mimi naweza kuogelea.

Utauliza: je, mtu akinionyesha ami anavyoogelea, nikasema "ile ni njia ya kuogelea," si nimeshajua ukweli huo na bado nazama? Walilitambua pingamizi hilo. Jibu lao ni kwamba ukweli uleule unaweza kukujia kwa sura mbalimbali, kama unavyoweza kumwona mtu kwenye kioo usijue kwamba ni wewe mwenyewe. Ili uwe unajua kuogelea, ile njia ni lazima ikujie kwa sura ya kivitendo, si kwa sura ya kutazama ukiwa mchangani.

Nitarudi kwenye sura hiyo ya kivitendo, maana mzigo wote umewekwa hapo. Kwanza sarufi, kwa sababu mtu wa Kiswahili akisoma hoja ile kuna kitu kinamkwaruza. Sisi hatusemi hivyo. Sisi tunasema "najua kuogelea." Hakuna neno la kuuliza ndani yake. Kwa umbo lake imekaa safu moja na "nataka kuogelea," "naweza kuogelea," "naogopa kuogelea." Tunayo "najua jinsi ya kuogelea" pia, lakini masikioni mwangu hizo mbili si kitu kimoja. Jioni moja nilizipeleka barazani kuzipima. Nikasema, "Najua jinsi watu wanavyoogelea, lakini sijui kuogelea." Wote wakaikubali, mmoja akaongeza kwamba ndiyo hali yangu hasa. Nikaigeuza: "Najua kuogelea, lakini sijui ninavyoogelea." Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Ami akanyanyua kikombe cha kahawa akasema, "Hiyo ndiyo mimi."

Si Kiswahili peke yake. Mwanafalsafa mwenzao Ian Rumfitt aliwajibu mwaka 2003 kwa kuonyesha kwamba Kifaransa, kwa mfano, nacho huweka kitenzi cha kujua na kitenzi kingine bila neno la kuuliza katikati. Lakini sitaki kujipatia ushindi wa bei nafuu. Kama sarufi ya Kiingereza haiwezi kuamua kilichomo ndani ya mwogeleaji, sarufi ya Kiamu nayo haiwezi. Kinachoonekana ni kwamba hoja iliyojengwa juu ya lugha moja haina msingi wa kutosha, na kwamba ingekuwa vyema wangekuja kuuliza upande huu kabla ya kujenga.

Kuna hoja yao nyingine ambayo ni nzito zaidi, nami ilinifuata mwenyewe bila kuitafuta. Tulipohamia kufanya mazoezi karibu na mji, kulikuwa na mzee aliyekuwa akiletwa jioni kukaa kwenye ngazi za gatini. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia miaka kadhaa nyuma. Wakati wake alikuwa hashindwi kwenye mashindano ya kuogelea ya siku za Maulidi. Sasa hata kikombe anashikiwa. Alikuwa akinitazama, na siku ya pili akaanza kupiga kelele: "Kidevu! Kidevu, bwana!" Kisha, "Huo mkono unaukata maji, ulaze!" Kila alichokisema kilikuwa sawa, na alikuwa anakiona kabla ami aliyekuwa majini pamoja nami hajakiona. Nilipotoka nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama wanavyouliza wanafalsafa: "Mzee, wewe unajua kuogelea?"

"Nayua," akasema. "Siwezi."

Hakuna mtu wa Lamu angemsahihisha. Stanley na Williamson wanao mfano wa namna hiyo, wa mpiga piano aliyepoteza mikono yote miwili: uwezo umekwenda, kujua kumebaki. Kwa hiyo anayesema kwamba kujua kuogelea ni kuweza kuogelea tu, basi, amekosea. Kuna kitu kilichobaki kwa yule mzee, na hakiko kwenye misuli. Je, ni ukweli? Sehemu yake, naam: kidevu kikipanda miguu hushuka. Lakini hilo hata mimi nililijua kwa jina na kwa hesabu, na sikuliona likitokea kwenye mwili wangu mwenyewe. Yeye aliliona kutoka ngazini. Alikuwa na jicho ambalo limetengenezwa na miaka ya kuwa ndani ya maji, na jicho hilo ndilo nisilojua niliweke kapu gani.

Watu wa upande wa Ryle hupenda kumtaja mgonjwa aliyejulikana kwa miaka mingi kama H.M. Mwaka 1953 huko Marekani alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutuliza kifafa, na tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha kwa penseli mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila mtu siku ya kwanza. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua na kupungua, na kila siku hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya. Ujuzi umekua, habari zake hazipo. Inaonekana kama kesi imekwisha.

Lakini mwaka 2013 Stanley, safari hii akiwa na daktari wa neva John Krakauer, aliuliza swali dogo ambalo mimi nililipenda: kila asubuhi, nani alimwambia H.M. afanye nini? Aliambiwa upya. Bila maelezo hayo, ule ustadi uliomo mkononi usingejua pa kuanzia. Wao wanasema ustadi wa mwili una sehemu mbili zilizoshonwa pamoja: kuna ukweli wa kujua nini cha kufanya na namna ya kukianza, na kuna ukali wa mwili unaonolewa kwa mazoezi tu, ambao si ukweli wowote. Naona hapo Stanley amesogea kumkaribia Ryle kuliko anavyokiri.

Siku niliyoelea ilikuwa ya kumi na moja. Ami alikuwa amechoka na mimi, na badala ya kuniambia nilale akasema, "Tia masikio ndani. Mpaka usisikie ninachosema." Nikatia masikio. Sauti ya ufuo ikakatika, ikabaki ile sauti ya chini ya maji kama mchele unaomwagwa mbali. Nadhani ilikuwa ni kwa ajili ya kusikiliza mchele ule kwamba shingo ililegea bila mimi kuiamuru. Kichwa kikashuka, nyonga ikapanda, na nilihisi maji yakishika mgongo mzima kwa mara ya kwanza, sawasawa, kama shuka iliyovutwa pembe nne. Nilipogeuza macho nikamwona ami ameinua mikono yote miwili hewani kunionyesha kwamba haipo chini yangu.

"Tia masikio ndani" ni maneno. Yana ukweli ndani yake: masikio yakiwa majini, kichwa hakiwezi kuwa juu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ukweli haukunifaa kitu. Ulinifaa, lakini ulikuwa ukweli mmoja mdogo uliopeleka akili yangu mahali ambapo haikumsumbua mwogeleaji. Zile lita na kilo zilinieleza kwa nini nilielea. Hazikunieleza wakati naelea.

Na nikiwa pale nilikuwa na kitu cha kusema, ila kilikuwa neno moja: hivi. Aa, ni hivi. Hapo ndipo nilipoielewa ile sura ya kivitendo ya Stanley na Williamson, na ndipo nilipoona kasoro yake. Wanasema mwogeleaji anajua ukweli huu: hivi ndivyo ninavyoweza kuogelea. Sawa, nakubali kwamba nilikuja kuujua, na nakubali ni ukweli. Lakini ile "hivi" haina kitu ndani kwa mtu aliyesimama mchangani. Nilikuwa nimeitamka kwa siku kumi, "unafanya hivi, sivyo?", na haikushika chochote. Ilijaa pale tu mwili ulipokuwa tayari unaelea. Kama ili kuushika ukweli wa kuelea ni lazima kwanza uelee, basi ustadi haukugeuzwa kuwa ukweli. Umefichwa ndani ya neno "hivi," kisha neno likahesabiwa pamoja na ukweli mwingine kana kwamba ni mwenzao. Ni sawa na kusema umelipa deni kwa kuandika "nimelipa" kwenye daftari la mwenye duka.

Ningeweza kuwa nimekosea. Mtu wa upande wao ataniambia kwamba hata "huyu" na "hapa" hushikwa tu na aliyepo, na hakuna anayesema kwamba kujua "huyu ni ami" si kujua ukweli. Hilo ni pingamizi zuri. Jibu langu ni kwamba "huyu" naweza kuonyeshwa nikaipata kwa nukta moja, kwa kufungua macho tu, na "hivi" ilinichukua siku kumi na moja, na katika siku hizo kilichokuwa kinabadilika hakikuwa habari nilizonazo.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka saba, na marufuku ya bibi haipo tena nyumbani kwetu. Nikampeleka Shela asubuhi, maji yakiwa ya kiunoni kwake. Nikamwambia atazame, nikalala chali, masikio ndani, nikaelea pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana bado naona fahari. Kisha nikasimama.

"Umeona? Unafanya hivi."

Alinitazama kwa makini sana, mikono ameikumbatia kifuani kwa baridi.

"Hivi vipi, baba?"

Nikaweka kiganja chini ya mgongo wake.